Nilimwambia Shangazi Afute Faili Moja

Leo hakuna video. Nilijaribu kuirekodi hii mara tatu, kila nikifika pale pa kukiri nakata. Kwa hivyo wacha niiandike tu, mnisome kimyakimya.

Shangazi yangu ana duka Likoni. Duka la kawaida: unga, sukari, mafuta ya kupima, mkate, maziwa, na deni. Deni ndo bidhaa inayotoka kuliko zote. Zamani alikuwa na daftari la karatasi, likalowa maji ya mvua, basi kijana mmoja akamuandikia programu ndogo ya kuwekea madeni kwenye laptopu kuukuu ambayo betri yake ilishakufa. Faili yenyewe, duka.db, iko kwenye flashi, kwa sababu shangazi hawezi kulala huku jina la kila jirani na deni lake limeachwa dukani. Jioni anaichomoa flashi, anaifunga kwenye ncha ya leso, anaenda nayo nyumbani.

Septemba 2024, jioni moja, mama wa mahamri akaja kulipa. Alikuwa na madeni mawili, moja la Mei na moja la Agosti, akatuma pesa zote pamoja kwa M-Pesa. Shangazi akabonyeza "Imelipwa" na papo hapo stima ikapotea. Laptopu bila betri, si unajua, ikazima kama mshumaa.

Stima iliporudi akaogopa hata kuifungua programu. Akafungua flashi kwanza aone kama daftari bado lipo, halafu akanipigia. Mie niko Kisauni, nimevaa hedifoni, nahariri video ambayo hata sikumbuki ilikuwa ya nini.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Naona faili mbili hapa. Moja duka.db, hiyo naijua. Nyengine inaitwa duka.db-journal. Hii nayo ni nini?"

Nikamwambia, na sauti ya mtu aliyesomea kompyuta (nilisomea nusu, lakini nusu hiyo huwa siitaji): "Futa hiyo shangazi. Ni takataka za programu."

Akafuta. Programu ikafunguka. Madeni ya leo yakaonekana. Aliporudi nyuma kutazama ya Mei, skrini ikamwambia `database disk image is malformed`.

Wacha niwaeleze nilichomfutisha, kwa sababu hapa ndipo kila kitu kilipoharibikia. Programu ile inatumia SQLite, databesi iliyoanzishwa mwaka 2000 na Richard Hipp, na ambayo iko ndani ya simu yako sasa hivi. Meseji zako za kawaida na za WhatsApp zinakaa kwenye faili za aina hiyo. Databesi nzima ni faili moja, na faili hiyo imegawanywa kurasa zilizo sawa, mara nyingi baiti 4096 kila ukurasa. SQLite ikitaka kubadilisha ukurasa, kwanza inanakili ukurasa wa zamani, vile ulivyo, kwenye faili ya pembeni inayoishia na `-journal`. Baada ya hapo ndo inagusa faili kubwa. Kazi ikiisha salama, inaifuta yenyewe ile ya pembeni. Stima ikipotea katikati, faili ya pembeni inabaki, na safari ijayo programu ikifunguliwa, SQLite inaiona, inarudisha kurasa za zamani mahali pake, na wewe hata hujui kulikuwa na shida.

Yaani ile "takataka" ilikuwa dawa. Ilikuwa na nakala kamili za kurasa zilizovunjika. Programu nyengine hutumia faili inayoishia na `-wal` badala yake, inafanya kazi kwa njia tofauti, lakini sheria ni ile ile: usiifute, usiihamishe, na ukinakili databesi inakili pamoja na mwenzake.

Nilivuka feri siku mbili baadaye. Kufika, nakuta binamu yangu ameijaza flashi filamu. Nilijaribu kuitafuta ile journal kwenye nafasi zilizofutwa, kwa sababu faili hizo huanza na baiti nane zinazojulikana, `d9 d5 05 f9 20 a1 63 d7`. Nikapekua flashi nzima kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hakuna. Filamu zilikuwa zimeshaikalia.

Basi nikarudi kwa kilichobaki. La kwanza, nakala. Nikaiweka duka.db kwenye laptopu yangu kwa jina nakala.db, na flashi nikaitia mfukoni isiguswe tena. Kila nilichofanya baadaye nilikifanya juu ya nakala. Kisha nikauliza:

```
sqlite3 nakala.db "PRAGMA integrity_check;"
```

Faili nzima ingejibu `ok`, neno moja. Ndani ya jibu la yetu kulikuwa na mistari hii:

```
Page 37: btreeInitPage() returns error code 11
Page 61: btreeInitPage() returns error code 11
```

Kurasa mbili. Kosa namba 11 kwa SQLite maana yake ni kwamba kilichoko pale hakifanani na ukurasa wa databesi. Nikaenda kuchungulia. Kurasa zinahesabiwa kuanzia 1, kwa hivyo ukurasa wa 37 unaanza baada ya kurasa 36: 36 mara 4096 ni 147456.

```
xxd -s 147456 -l 4096 nakala.db
```

Sifuri. Mistari yote sifuri, juu mpaka chini. Wa 61 pia hivyo hivyo. Hapo nikaelewa jioni ile ilivyokwenda. Mama wa mahamri alikuwa na deni la Mei, lililokaa ukurasa wa 37, na la Agosti, lililokaa ukurasa wa 61. Kubonyeza "Imelipwa" kuligusa kurasa hizo mbili kwa mpigo. Flashi ikawa imeshafuta za zamani na haijaandika mpya, stima ikaenda.

Sasa kuokoa. Njia ya kwanza ambayo kila mtu anaifahamu ni `.dump`. Inasoma databesi na kuiandika upya kama maandishi, amri moja moja, kisha unayalisha kwenye faili mpya:

```
sqlite3 nakala.db .dump > duka.sql
sqlite3 mpya.db < duka.sql
```

Nikafungua mpya.db kwa hamu. Tupu. Hata jedwali moja hamna. Shangazi amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai, ananitazama shingo. Wallahi nilikuwa karibu kumwambia basi, yamekwisha.

Lakini duka.sql yenyewe ilikuwa nzito, si ya kitu kitupu. Nikaifungua kama maandishi na kwenda mstari wa mwisho. Mstari huo ulisema:

```
ROLLBACK; -- due to errors
```

Huu mtego unafaa ujulikane. Maandishi ya `.dump` yanaanza kwa kufungua shughuli moja kubwa, na kwa kawaida yanaifunga kwa `COMMIT;`, yaani "hifadhi". Dump ikikutana na uharibifu, inaokoa inachoweza, lakini mwisho inaandika `ROLLBACK`, yaani "futa yote tuliyofanya". Ni tahadhari, usije ukadhani una databesi nzima kumbe nusu. Lakini ukiilisha bila kuangalia, inaingiza kila kitu kisha inakitoa chote, na wewe unabaki kulia. Dawa yake:

```
sed 's/^ROLLBACK;.*/COMMIT;/' duka.sql > duka2.sql
sqlite3 mpya2.db < duka2.sql
```

Safari hii madeni yakaingia 1,487. Shangazi akashusha pumzi. Mie bado, kwa sababu namba ya deni la mwisho ilikuwa 2,304, na programu ile haifuti mstari mmoja mmoja, inaweka tu alama ya kulipwa. Mia nane na zaidi zimekwenda wapi, na kurasa mbovu ni mbili tu? Ukurasa mmoja unabeba kama madeni 45.

Jibu liko kwenye namna dump inavyosoma. Chukulia kitabu chenye ukurasa wa mwongozo unaosema baada ya huu nenda ule, baada ya ule nenda kule. Dump inafuata mwongozo kuanzia deni la 1. Ikafika ukurasa wa 37, ikagonga ukuta, ikaandika kwenye duka.sql `/****** CORRUPTION ERROR *******/`, ikazunguka kuanza kusoma kutoka mwisho kurudi nyuma. Ikatoka 2,304, ikashuka mpaka ikagonga ukuta wa pili, ukurasa wa 61. Hapo ikakoma. Kilicho kabla ya ukuta wa kwanza imekipata, madeni 1,120. Kilicho baada ya ukuta wa pili pia, 367. Kilicho katikati ya kuta mbili, madeni 728 mazima yasiyo na ubaya wowote, haikukiona kabisa. Kama ukurasa mbovu ungekuwa mmoja, dump ingetosha. Ikiwa ni miwili au zaidi, kila kilicho baina yake kinapotea, na unavyozidi kuwa mbali ukuta na ukuta ndivyo hasara inavyozidi.

Kwa hali hiyo ndo kuna `.recover`. Laptopu yangu ilikuwa na toleo la 3.22.0, ikanijibu ati haiijui amri hiyo. Ni kweli, `.recover` ililetwa na toleo 3.29.0, Julai 2019. Nikashusha zana mpya kutoka sqlite.org kwa bando la mwisho nililokuwa nalo, na kuendelea.

```
sqlite3 nakala.db .recover > okoa.sql
sqlite3 okoa.db < okoa.sql
```

Tofauti yake ni kwamba recover haitembei kwa mwongozo ikikwama. Ni kama mtu aliyekata uzi wa kitabu, akatandaza kurasa zote sakafuni, akachukua mmoja mmoja: huu unasomeka? una mistari gani? ni wa jedwali lipi? Ukurasa usiosomeka anauruka na kwenda wa pili yake. Nikahesabu madeni kwenye okoa.db: 2,215. Yale 728 ya katikati yote yamerudi.

2,304 toa 2,215 ni 89. Hao 89 ndo waliokuwa ndani ya zile kurasa mbili za sifuri: namba 1,121 mpaka 1,164, na 1,893 mpaka 1,937.

Na hapa shetani akaja na zawadi. Ndani ya okoa.db kulikuwa na jedwali ambalo programu haikuwa nalo, linaitwa `lost_and_found`. Recover ikipata mistari isiyojua ni ya nani, inaitupia humo, na safu za habari zenyewe hazina majina yake, ni c0, c1, c2 tu. Nikaangalia: mistari 91. Majina ya wateja ninaowajua, kiasi, tarehe. Mie natafuta 89, humu mna 91! Nikapiga kelele, shangazi akapiga kigelegele, binamu akatoka chumbani.

Kisha nikasoma tarehe vizuri. 2023. Zote.

Mwezi wa Agosti shangazi alibonyeza kitufe cha kufuta madeni ya mwaka uliopita, kwa sababu watu walishamaliza kulipa. Programu ikaliondoa jedwali lile. Lakini SQLite ikiondoa kitu haiendi kukisugua. Inaziandika zile kurasa kwenye orodha ya kurasa za bure, na maandishi yanabaki palepale mpaka siku yatakapoandikiwa juu. Recover ikazikuta na kuzisoma, maana kazi yake ni kusoma kila kitu. Ningeyaingiza yale 91 kwa furaha yangu ile, kesho yake shangazi angeanza kuwadai majirani pesa waliyolipa mwaka jana. Fikiria unamwendea mzee wa watu, ametoka msikitini, unamwambia una deni la Aprili mwaka jana. Mtaa mzima ungejua kabla ya magharibi. Ukitaka recover isiguse kurasa hizo iko njia, unaandika `.recover --ignore-freelist`. Mie naona afadhali uziache zije, lakini uzisome kwa jicho la mtu anayeshuku.

Kwa hivyo tukarudi kwa 89. Kurasa zao ni sifuri, na hakuna amri duniani inayosoma sifuri ikatoa deni la mkate. Nilikaa barazani nikijiuliza kama kuna sehemu nyengine yoyote ndani ya faili ambapo habari za madeni zinaandikwa mara ya pili.

Ipo. Indeksi.

Yule kijana aliyeandika programu alitaka utafutaji wa mteja uwe wa haraka, kwa hivyo alitengeneza indeksi kwa jina la mteja na tarehe. Indeksi ni kama orodha ya mwisho wa kitabu: ina nakala yake ya jina, nakala yake ya tarehe, na namba ya deni, na inakaa kwenye kurasa zake mbali na jedwali. Kuweka alama ya kulipwa hakuigusi indeksi, maana jina na tarehe havibadiliki. Kwa hivyo jioni ile ya stima yenyewe ilikuwa imelala salama. Na ukiuliza swali ambalo indeksi pekee inaweza kulijibu, SQLite haihitaji kufungua ukurasa wa jedwali hata mmoja:

```
SELECT id, mteja, tarehe
FROM madeni INDEXED BY idx_mteja
WHERE id BETWEEN 1121 AND 1164
ORDER BY id;
```

Angalia hili: swali hili unaliuliza kwenye nakala.db, ile mbovu. Usiliulize kwenye okoa.db, kwa sababu kule indeksi imejengwa upya kutokana na mistari iliyookolewa, haina habari za waliopotea. Na usiongeze `kiasi` kwenye swali. Ukiongeza, SQLite inalazimika kwenda kwenye jedwali kukitafuta, inagonga ukuta, unarudi kwenye `malformed`.

Ikatoka:

```
1133|fundi viatu|2024-05-09
1134|mama mahamri|2024-05-09
```

na kuendelea, mpaka zote 44. Kisha zile 45 za Agosti. Nani, na lini. Ilichokosekana ni kiasi gani, na kama ameshalipa.

Nilidhani hapo ndo mwisho wa kompyuta, tuanze kubisha hodi. Lakini shangazi akauliza swali ambalo mie sikuliwaza: "Na ile jumla ya siku, inayoniandikia kila nikifunga duka, iko wapi?" Kumbe programu ina jedwali jengine dogo, `siku`, mstari mmoja kwa kila siku: tarehe, na jumla ya madeni yaliyotolewa siku hiyo. Ukurasa wake haukuguswa. Tarehe 9 Mei: shilingi 1,870. Majina kumi.

Hiyo ikawa mizani yetu. Tulizunguka jioni tatu, shangazi mbele, mie nyuma na karatasi. Hatukumwambia mtu jumla. Tunauliza tu: Mei tarehe 9, siku ya Alhamisi, ulichukua nini? Ungeshangaa watu wanavyokumbuka deni. Wengine wana desturi, kila siku mkate na maziwa, bei ni ile ile. Kijana wa tuktuk alikuwa ameandika kwenye simu. Tukimaliza majina ya siku moja tunajumlisha. Ikilingana na jedwali la siku, basi hakuna aliyekosea wala aliyedanganya, au wamekubaliana wote kumi, jambo ambalo kwa mtaa ule haliwezekani. Kwa siku ambazo ukurasa ulikata katikati, tunatoa kwanza madeni yaliyookoka, kinachobaki ndo tunachotafuta.

Tarehe 9 ikatoka 1,720. Pungufu 150. Tukarudi kwa kila mmoja, mpole mpole, "hebu fikiria tena." Fundi viatu alikuwa ametaja 80, mkate na maziwa. Alipokaa na mkewe wakakumbuka siku hiyo walikuwa na mgeni, wakachukua na mafuta ya kupima, 150. Aliona haya kuliko sisi.

La kulipwa au kutolipwa lilikuwa jepesi kidogo. Waliolipa kwa M-Pesa meseji zao zipo kwenye simu ya shangazi, na tarehe na saa. Waliolipa taslimu, shangazi aliamua kuwaamini kwa mdomo. Sikubishana, duka ni lake. Mama wa mahamri meseji yake ilikuwa ya jioni ile, dakika moja kabla ya giza, na kiasi chake kilikuwa sawasawa na alivyosema kwa madeni yote mawili.

Tuliyoyakusanya sikuyachanganya na yale yaliyookolewa na mashine. Nikaunda jedwali pembeni, `kumbukumbu`, nikaandika kila deni na nani aliyelitaja, ndo nikayaingiza kwenye madeni kwa namba zao zilezile. Siku mtu akija kubishana, shangazi ataweza kujua hili limetoka kwenye faili na hili limetoka kwenye mdomo. Kwa sababu ukiuliza `integrity_check` sasa inajibu `ok`, lakini `ok` hiyo inasema tu kurasa zimepangika. Ningeweka madeni 91 ya uongo yale ya 2023, ingesema `ok` vilevile.

Shangazi nilimweleza kuhusu ile journal jioni ya mwisho, tukiwa tunakula. Nilimwambia wazi: shangazi, dawa ilikuwa pale, mie ndo nilikwambia uitupe. Akatafuna, akaniuliza kama nitaongeza mbaazi.

Sasa programu yake haisomi kwenye flashi tena. Iko ndani ya laptopu, na kila akifunga duka kuna faili ya kubonyeza niliyomtengenezea, inayoita amri moja:

```
sqlite3 duka.db ".backup 'E:/duka-leo.db'"
```

Hiyo inanakili hata programu ikiwa wazi, tofauti na kuburuta faili kwa mkono. Flashi ni mpya, na binamu haruhusiwi kuigusa.

Katika siku zote tulizozipima, moja ilikataa kulingana. Tarehe 6 Agosti, majina manane, tumewazungukia mara tatu, pungufu shilingi 40. Kila mtu ameapa. Shangazi akachukua kalamu, kwenye karatasi yangu akaongeza mstari wa tisa, jina akaandika "mwenyewe", kiasi 40, imelipwa, akaniambia niuingize hivyo hivyo.